Mkojo kama chai ya rangi siku ya tatu sasa. Ni upungufu wa maji tu au niende kupimwa?

Mpakia_Chokaa – Ijumaa, saa 2:10 asubuhi

Wakuu habari za asubuhi. Niko Tanga, huku Amboni. Jumatatu nimeanza kibarua cha kupakia chokaa. Kabla ya hapo nilikuwa miezi mitano nauza mitumba, kazi ya kukaa kwenye kigoda, kwa hiyo mwili ulikuwa umelala. Jumatatu tulipakia fuso mbili, Jumanne tatu, Jumatano tatu. Mifuko ya kilo 25, unawekewa begani unapanda nayo ubaoni mbiombio. Na jua hili la kaskazi mnalijua, jasho linatoka halikauki.

Jumatano jioni nikaenda haja ndogo nikaona mkojo umekuwa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Siyo njano iliyokolea, ni kahawia. Jana hivyo hivyo, leo hivyo hivyo, halafu unatoka kidogo. Homa sina, haichomi. Ila mapaja na mabega yanauma mpaka nikichuchumaa chooni naomba msaada wa ukuta.

Wenzangu kazini wanasema ni maji tu, ninywe maji. Kwenye simu nikaona ile picha ya rangi nane za mkojo, ya kwanza nyeupe, ya mwisho imekolea kuwa kama kahawia ya kijani. Nadhani mimi ni ya nane, au nimeipita. Je, nikinywa maji mengi itaisha yenyewe au nianze safari ya hospitali?

---

Kibao_cha_Mbuzi – saa 2:16

Chai tumeiona, vitafunwa viko wapi? Nakaa hapa kwenye mkeka nisubiri wataalamu.

---

Binti_Chumbageni – saa 2:25

Pole kaka. Hapo ni maji hunywi. Mkojo wa mtu mwenye afya unatakiwa uwe mweupe kama maji ya dukani, ukiona rangi yoyote ujue figo zinalia. Mimi nakunywa lita tano hadi sita kwa siku na mkojo wangu hauna rangi kabisa. Anza leo utaona.

---

Dereva_wa_Usiku – saa 2:31

Na mimi nina swali hapo hapo. Mimi mkojo wangu safi kabisa hauna rangi, ila usiku naamka mara nne, tano. Nikiwa na gari Segera huko nasimama kila baada ya saa moja, abiria wananinunia. Hiyo dawa yake nini?

---

Hadubini – saa 2:52

Mleta mada, naandika haraka maana natoka zamu. Niko maabara mwaka wa 11 sasa, mikojo nimeiona ya kila aina.

Hiyo rangi ya njano haitoki kwenye chakula wala haitoki kwenye maji. Ni taka ya chembe za damu zilizozeeka na kuvunjwa, na mwili unaitoa karibu kiasi kile kile kila siku. Chukulia unga wa sharubati wa kijiko kimoja. Ukiutia kwenye jagi unakuwa njano hafifu, ukiutia kwenye kikombe unakuwa njano nzito. Kinachobadilika ni maji, unga ni ule ule. Ndiyo maana rangi inaweza kukwambia habari za maji, lakini kuanzia njano hafifu mpaka njano ya kahawia ya asali tu. Asubuhi ukiamka kila mtu ana ya asali, hiyo si habari.

Sasa sikiliza vizuri: njano hata uikoleze vipi haifiki kwenye kahawia ya chai au rangi ya koka. Ukiona hiyo, kuna kitu kingine kimeingia kwenye jagi. Inaweza kuwa damu, inaweza kuwa nyongo, inaweza kuwa rangi ya misuli, inaweza kuwa dawa. Ile chati ya rangi nane unayosema ni ya Armstrong wa Marekani, ya 1994, aliitengeneza kwa ajili ya wanamichezo waangalie maji mwilini. Haikutengenezwa kumwambia mtu kama anaumwa.

Nijibu maswali matatu. Umeuangalia kwenye nini? Macho yako meupe au yana unjano? Umemeza dawa gani tangu Jumatatu?

---

Binti_Chumbageni – saa 2:58

Kwa hiyo mimi na lita sita zangu nimekosea?

---

Hadubini – saa 3:04

Dada yangu, hujaumwa, lakini huna haja ya kufika kwenye weupe wa maji. Njano hafifu inatosha kabisa. Mtu akijaza maji matupu kwa pupa huku anatoka jasho la chumvi, chumvi ya damu inaweza kushuka mpaka akaanza kichefuchefu, kichwa kikauma, akachanganyikiwa, na ikizidi anadondoka degedege. Rangi yake wakati huo itakuwa safi kama maji ya dukani.

---

Babu_Korona – saa 3:20

Vijana, mimi nimefanya kazi mkonge, kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, tangu mashine zikiwa za mvuke. Hiyo ni kichocho. Sisi wote tulikojoa damu utotoni, bwawa la upande wa Muheza lilikuwa ndiyo bafu letu. Na tulikuwa tunaona ni ukubwa, mtoto asiyekojoa damu anachekwa kuwa bado mdogo. Kijana aende akapewe vidonge vya kichocho arudi kazini. Siku hizi mnaogopa kila kitu.

---

Mama_Waridi – saa 3:26

Shikamoo babu. Hiyo ya kuchekwa imenichekesha kwa huzuni.

---

Hadubini – saa 3:33

Shikamoo mzee wangu. Kichocho cha mkojo pwani hii kipo kweli na hata mtu mzima anacho, sitakubishia. Lakini damu ya kichocho ina tabia yake. Mara nyingi mkojo unaanza wa kawaida, damu inakuja mwishoni, yale matone ya kumalizia ndiyo mekundu. Na ni nyekundu au ya pinki zaidi kuliko kahawia. Huyu kijana anasema wote ni kahawia kuanzia mwanzo, na umekuja siku ya tatu ya mizigo. Kichocho hakingoji fuso.

Hata hivyo akienda kupima kichocho achukue mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai yanatoka kwa wingi. Watu wanapeleka wa alfajiri, tunakosa yai, wanaambiwa hawana.

---

Mpakia_Chokaa – saa 3:41

Nashukuru Hadubini. Majibu:

Choo chetu ni cha shimo, giza tupu, kwa hiyo leo nimetumia chupa ya plastiki. Ila chupa ilikuwa na juisi ya ukwaju juzi, niliisuuza.

Macho mke wangu kaangalia juani, anasema meupe.

Dawa: Jumatano usiku na jana nimemeza diklofenaki za maumivu. Halafu jana nilipita duka la dawa nikaeleza, wakaniambia ni yutiai, wakanipa vidonge vya njano, nitrofurantoini, nimeze mara nne kwa siku. Nimeshameza vinne.

---

Kibao_cha_Mbuzi – saa 3:45

Chupa ya ukwaju! Uzi ufungwe, mgonjwa ni ukwaju.

---

Mgeni_wa_Pongwe – saa 3:50

Cheka, lakini mimi mwaka juzi nilimkimbiza mtoto zahanati usiku kwa bodaboda, mkojo mwekundu kwenye poti. Kumbe alikula bitiruti kwa bibi yake. Elfu nane ya boda ikaenda.

---

Mzigo_Mzito – saa 3:57

Mimi nilipoanza dozi ya kifua kikuu nilikojoa rangi ya fanta. Machozi ya chungwa, jasho la chungwa, shati jeupe la Ijumaa likaharibika kwapani. Nilifikiri ini limeoza, nikaacha dawa siku mbili. Nesi akanifokea, akasema ni rifampisini hiyo, ndiyo rangi yake, meza. Miezi sita nikamaliza, mkojo ukarudi. Kwa hiyo huyu ni vidonge vya njano, mimi sina shaka.

---

Hadubini – saa 4:08

Mzigo Mzito, kweli kabisa kuhusu rifampisini, na kosa ni la aliyekupa dawa bila kukuambia. Nitrofurantoini nayo inageuza mkojo kuwa kahawia kwa watu wengi, bila madhara. Na B komplexi inatoa njano ya kung'aa kama reflekta ya bodaboda.

Ila hesabu siku. Rangi imeanza Jumatano jioni. Vidonge vya njano vimeanza Alhamisi. Dawa haiwezi kupaka rangi kabla haijamezwa.

Mpakia, achana na chupa ya ukwaju. Chukua chupa ya maji safi, kata juu, kojoa humo, iweke mbele ya karatasi nyeupe nje kwenye mwanga wa mchana, siyo chini ya taa. Kisha ifunge mdomo kwa kiganja na mfuko, itikise. Tazama povu. Povu jeupe ni kawaida. Povu likiwa na njano, hiyo ni nyongo, na hapo tunaongelea ini hata kama macho bado hayajageuka.

---

Mama_Waridi – saa 4:15

Naomba nichomekee, maana hii habari ya rangi iliniponza. Mwanangu ana selimundu. Nilisoma mahali kwamba mkojo mweupe maana yake maji yanatosha, basi nikawa namwangalia kwenye poti. Mweupe kila siku, nikaridhika. Siku moja joto kama hili, ameshinda anacheza, mkojo mweupe, jioni maumivu ya miguu na mgongo, tukalazwa. Daktari akaniambia midomo yake ilikuwa imekauka kama karatasi. Figo za mtoto wa selimundu hazijui kubana maji, hata akiwa amekauka zinaendelea kuyamwaga. Kwa hiyo mkojo wake utakuwa mweupe tu, maji yapo au hayapo.

Siku hizi nampa kwa kikombe chake na kwa saa, rangi siitazami. Rangi natazama tu ikiwa nyeusi au nyekundu, hapo naondoka bila kuaga.

---

Hadubini – saa 4:19

Mama Waridi, hiki ulichoandika wengi hata kazini kwetu hawakijui. Asante.

Na Dereva wa Usiku, nimekuona usifikiri nimekupita. Wewe mkojo wako mweupe, mwingi, usiku mara tano. Kiu je? Mkojo wenye sukari unavuta maji, unatoka mwingi na hauna rangi huku mwenyewe unakauka. Kapime sukari kabla hujanywa chai.

---

Dereva_wa_Usiku – saa 4:22

Kiu ninayo lakini ni ya joto. Tanga yote ina kiu.

---

Mpakia_Chokaa – saa 6:40 mchana

Nimefanya. Tangu saa 4 nimekunywa lita mbili kasoro, maji na pakiti moja ya ORS niliyochanganya kwenye lita moja kama ilivyoandikwa. Nimekojoa mara mbili tu, kidogo, kama kikombe cha kahawa. Povu jeupe. Rangi: nimeweka mbele ya karatasi, ni kahawia yenye wekundu ndani, kama koka iliyotiwa maji. Haijapungua.

Na dafu je? Jirani ananiambia madafu yanasafisha figo.

---

Hadubini – saa 6:47

Acha dafu. Acha na diklofenaki kuanzia sasa hivi. Ondoka uende, na hiyo chupa uliyokojoa ibebe.

Nikueleze kwa nini nimebadilika sauti. Mtu aliyekauka maji tu, ukimpa lita moja na nusu kwa saa mbili tatu, mkojo unaofuata unafunguka, unarudi njano. Wako haukufunguka, na hautoki. Umeingia kwenye kazi nzito ghafla, kwenye joto, misuli imevimba inauma. Misuli ikichanika kwa wingi inamwaga rangi yake nyekundu kwenye damu, figo zinaichuja, na ile rangi inaweza kuziziba na kuziumiza. Diklofenaki inazibana figo hizo hizo wakati hazina maji. Na dafu lina potasiamu nyingi. Misuli iliyochanika nayo inamwaga potasiamu kwenye damu, na figo isipotoa, inasimamisha moyo. Dafu ni zuri siku nyingine.

Ukifika usiseme "nina yutiai". Sema: "Nimebeba mizigo siku tatu, misuli inauma, mkojo kahawia tangu Jumatano, nimekunywa maji haujabadilika, unatoka kidogo." Kwa maneno hayo hayo.

---

Duka_la_Pembeni – saa 7:05

Naona wenye maduka ya dawa tunasutwa. Mimi nina duka, siyo hilo alilokwenda. Mteja anakuja anasema mkojo mchafu, hataki kwenda kupima kwa sababu ya foleni, anataka dawa ya elfu tatu awahi kazini. Tungemfukuza angeenda duka la pili. Na nitrofurantoini si sumu.

---

Mgeni_wa_Pongwe – saa 7:11

Hakuna aliyesema sumu. Lakini nchi hii ukienda na kichwa ni yutiai, ukienda na mgongo ni yutiai, ukienda na mimba ni yutiai na taifodi juu. Huyu kasema haichomi, haendi mara kwa mara, homa hana. Yutiai ya wapi hiyo?

---

Kibao_cha_Mbuzi – saa 7:14

Yutiai ya Tanga, inakuja leo inaondoka leo.

---

Babu_Korona – saa 7:40

Mimi nasimama kwenye kichocho. Ila nikumbushe na jambo jingine mlilolisahau, wa pwani tunalijua. Kuna mkojo kama maziwa. Marehemu kaka yangu alikuwa na matende, mguu kama gogo, na kuna miezi anakojoa maziwa meupe, mengine yanaganda kwenye kopo. Waganga walikula mbuzi wetu watatu. Hospitali wakatuambia ni wale wadudu wa matende wameziba mifereji, mafuta ya chakula yanapotea njia yanaingia kwenye mkojo. Akila vya mafuta unazidi.

---

Hadubini – saa 7:52

Mzee, hilo ni kweli tupu, na tangu watu wameanza kumeza zile dawa za matende za mwaka kwa mwaka naliona mara chache sana. Mkojo wa maziwa si wa kukimbizana nao usiku huo huo, lakini hauachwi. Nao mtu asichanganye na mkojo wenye ukungu tu unaonuka na kuchoma. Huo sasa ndiyo yutiai yenyewe, Mgeni wa Pongwe, ipo jamani.

---

Binti_Chumbageni – saa 8:30

Na mjamzito je? Mimi nina wiki 30, sikusema mwanzo. Wangu asubuhi ni wa asali, ndiyo maana najijaza maji.

---

Hadubini – saa 8:41

Wa asali asubuhi ukawa njano hafifu mchana, sawa kabisa, na maji kunywa kwa kiu yako na nyongeza kidogo, siyo kwa mashindano. Ukiwa kama chai mchana kweupe, au ukiwa na damu, au ukauke huku kichwa kinauma na uso umevimba, siku hiyo hiyo kliniki. Na vidonge vya njano usimeze bila wao, siku ya kujifungua ikikaribia hiyo nitrofurantoini hawaitaki.

---

Mpakia_Chokaa – Jumapili, saa 4:15 asubuhi

Wakuu nipo hai. Nimelazwa tangu Ijumaa, naandika na mkono mmoja, mwingine una dripu.

Ijumaa pale mapokezi niliyasema yale maneno. Wa kwanza akaandika yutiai. Naapa. Nikayarudia kwa daktari ndani, akaniangalia, akanibonyeza paja nikaruka, akaagiza mkojo na damu, ilikuwa saa tisa alasiri. Kijiti cha mkojo kile kisanduku cha damu kiligeuka kijani kibichi mara moja, alama tatu za kujumlisha. Lakini yule wa hadubini akasema haoni chembe za damu, mbili tatu tu. Mayai ya kichocho hakuna, babu nisamehe. Malaria hakuna. Kreatinini, ile taka inayoonyesha figo zinavyochuja, 168, wakasema kwa mwanaume isizidi kama 110. Himoglobini 13.4.

Wakanipiga dripu za chumvi, wakaniwekea ndoo yenye namba, kila ninachokojoa kinaandikwa. Ijumaa usiku mililita 300. Jumamosi ukafunguka, lita tatu na nusu. Rangi imetoka kahawia, ikawa asali, leo njano. Kreatinini leo 121, himoglobini 12.5.

Daktari wa zamu ya mchana anasema ni misuli. Wa usiku anasema inaweza kuwa ni upungufu wa G6PD, kile kinga cha chembe za damu, kwamba damu imevunjwa na vile vidonge vya njano. Sasa nani mkweli?

---

Kibao_cha_Mbuzi – saa 4:20

Alhamdulillahi. Na ndoo yenye namba, cheo kimepanda.

---

Mama_Waridi – saa 4:24

Pole sana mdogo wangu. Mwambie mkeo akuletee uji wa chumvi kidogo ukiruhusiwa.

---

Duka_la_Pembeni – saa 4:50

Himoglobini imeshuka kutoka 13.4 hadi 12.5. Kwa hiyo damu imevunjika. Nakubali, vidonge.

---

Hadubini – saa 5:15

Pole sana kaka, na hongera kwa kuyarudia yale maneno.

Kijiti kusema damu na hadubini kusema hakuna chembe, hilo ndilo fumbo lenyewe. Kijiti hakijui tofauti. Chembe nzima, rangi ya chembe zilizopasuka, na rangi ya misuli, vyote vinakipaka kijani. Hadubini inaondoa la kwanza, na kichocho kinakwenda nalo. Yanabaki mawili, ndiyo hao madaktari wako wawili.

Duka la Pembeni, himoglobini kushuka pointi moja kwa mtu aliyemiminiwa dripu siku mbili si ushahidi. Damu imeongezewa maji. Na alipoingia alikuwa kama amekauka, kwa hiyo ile 13.4 nayo ilikuwa imejibana. Damu ikivunjika kiasi cha kukojoa koka, mara nyingi inashuka zaidi ya hapo, na macho yanaanza unjano.

Mpakia, damu yako Ijumaa walipoizungusha kwenye mashine, maji ya juu yalikuwa na rangi gani? Yakiwa ya pinki, ni chembe zimepasuka. Yakiwa njano ya kawaida na mkojo ni koka, ni misuli, kwa sababu rangi ya misuli inapita upesi kwenda kwenye mkojo, haikai kwenye damu.

---

Mpakia_Chokaa – saa 5:22

Mkuu, nani anakuja kitandani kumwambia kibarua wa chokaa rangi ya maji ya damu yake?

---

Hadubini – saa 5:25

Haki. Basi waombe wapime CK kama ipo, ni kitu cha ndani ya misuli kinachopanda kwenye damu misuli ikichanika.

---

Mpakia_Chokaa – saa 5:58

Hapa hakuna. Wamesema sampuli ipelekwe kwingine, ndugu yangu amebana hela ya nauli ya kutokea hospitali. G6PD wanayo, wamepima leo, imetoka kawaida. Kwa hiyo wa usiku ameshindwa?

---

Hadubini – saa 6:10

Hapana, hajashindwa. Kipimo cha G6PD ukikifanya siku damu imetoka kuvunjika kinadanganya. Chembe dhaifu zimeshakufa, zilizobaki ni changa zenye nguvu, kinasema kawaida. Rudia baada ya miezi mitatu hivi. Mpaka hapo jihesabu kama una huo upungufu, ukienda popote sema usipewe nitrofurantoini wala dapsoni wala primakwini bila kupimwa.

Mimi kura yangu ni misuli, kwa sababu ya ile Jumatano jioni. Lakini sina CK, sina rangi ya maji ya juu, kwa hiyo ni kura tu.

---

Mgeni_wa_Pongwe – saa 6:18

Mimi nasema vyote viwili. Misuli ilianza, vidonge vikamalizia.

---

Mzigo_Mzito – saa 6:21

Na diklofenaki ikashangilia.

---

Babu_Korona – saa 6:45

Mayai hawakuyaona kwa sababu walichukua mkojo saa tisa alasiri. Mtu wa maabara mwenyewe alisema mwisho saa 8.

---

Hadubini – saa 6:49

Mzee umenikamata. Akitoka apime tena saa sita mchana, hakuna hasara.

---

Dereva_wa_Usiku – Jumanne, saa 3:30 asubuhi

Wakuu, mnanikumbuka wa mara tano. Leo nimepima sukari kabla ya chai. 13.8. Dada wa kipimo akarudia kidole cha pili, 13.5. Ameniandikia nirudi kesho kwa daktari. Nauliza, leo jioni nina safari ya Dar, niende au nisiende?

---

Hadubini – saa 3:38

Gari mpe mwenzio leo. Kunywa maji, usisubiri rangi ikwambie, kwa sababu rangi yako haisemi ukweli. Ukianza kutapika, au tumbo likauma, au pumzi ikawa ya haraka, usingoje kesho.

---

Mpakia_Chokaa – saa 5:02

Nimeruhusiwa jana. Kreatinini 104. Bosi wa chokaa kapiga simu, anauliza Alhamisi nitakuja? Kuna fuso nne.

---

Kibao_cha_Mbuzi – saa 5:03

Mwambie umerudi kwenye mitumba, kigoda kinakungoja. Na ile chupa ya ukwaju tafadhali itupe.